“Ya” tano mfululizo kwenye mwongozo wa pampu

Swali: Natafsiri mwongozo wa pampu ya haidroliki. Kuna kifaa ambacho Kiingereza kimekipa jina la maneno sita, moja baada ya jingine: pampu, presha, kuachia, vali, kurekebisha, skrubu. Nimeandika “skrubu ya kurekebisha ya vali ya kupunguza ya presha ya pampu”. Fundi kaniuliza, ni skrubu ipi hiyo? Nitengeneze wapi?

Jibu: Umeanza vizuri, maana neno la mwisho la Kiingereza ndilo kitu chenyewe, na kwetu hilo hutangulia. Tatizo ni hizo “ya”. Skrubu, vali, presha na pampu zote ziko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo upatanisho haumsaidii msomaji. Tukisema “kifuniko cha tangi cha chuma”, tunajua cha chuma ni kifuniko. “Kifuniko cha tangi la chuma”, basi chuma ni tangi. Kwenye jina lako kiambishi hakitofautishi chochote, na kila “ya” inaweza kuangukia popote.

Kabla ya kupanga maneno, fungua mchoro uone kifaa kinafanya nini. Vali hii hukaa imefungwa kwa nguvu ya springi. Presha ikizidi kiwango kilichowekwa, inaisukuma springi, vali inafunguka na mafuta yanarudi tangini. Skrubu huibana au kuilegeza springi, na hivyo kupanga vali ifunguke kwenye presha gani.

Hapo utaona kwamba “kupunguza” si kosa dogo. Vali ya kupunguza presha ni kifaa kingine: kwa kawaida hukaa wazi, na hujibana presha ya upande wa kutokea inapopanda. Fundi akiagiza spea kwa jina hilo ataletewa kitu kisichofaa. Andika “vali ya kuachia presha”.

Kisha tumia kauli ya kutendea, ambayo kwetu ndiyo hutaja chombo cha kazi: kisu cha kukatia, ufunguo wa kufungulia. Skrubu nayo ni ya kurekebishia. Tunapata:

“skrubu ya kurekebishia vali ya kuachia presha ya pampu”

“Ya” zimebaki tatu, lakini mbili zimeshikwa na vitenzi, na kila kitenzi kimepata yambwa yake. Bado ni refu, nakubali. Liandike hivyo mara moja tu, kwenye orodha ya vipuri, pamoja na namba yake ya kwenye mchoro, tuseme 7. Ndani ya maelekezo kitenzi kirudie kazi yake:

“Legeza nati ya kufungia. Zungusha skrubu (7) kidogo kidogo huku ukitazama geji ya presha. Presha ikifika kiwango kinachotakiwa, kaza nati.”

Kama vali ina skrubu nyingine karibu, usiondoe namba hiyo hata mara moja.