Maswali na Majibu: Pua Nyekundu na Mashavu Yaliyoiva

Nilimpiga picha mgeni wa Kizungu hapa Malindi baada ya kukimbia ufukweni kutoka Silversands hadi mnara wa Vasco da Gama. Pua na mashavu ni mekundu mno. Nifanyeje kwenye Photoshop?

Kabla ya kugusa chochote, tafuta usoni mwake ngozi iliyotulia, kwa mfano mbele ya sikio, mahali ambapo jua halijang'arisha. Weka Eyedropper kwenye 11 by 11 Average, bofya pale, kisha bofya pua, na kila mara usome namba za H, S na B katika Color Picker. Tuseme karibu na sikio umepata H 20, S 35, B 84, na puani H 6, S 46, B 80. Namba hizo zinakueleza kwamba pua imezidi rangi kidogo na imefifia mwanga kidogo, lakini kosa lake kubwa ni kwamba imeyaacha manjano na kuuelekea wekundu kwa digrii 14. Kwa hiyo kazi yako ni kuihamisha rangi, wala si kuifuta.

Ongeza tabaka la Hue/Saturation, chagua Reds badala ya Master, na kwa muda mfupi ipeleke Hue hadi +180. Kila kilichoguswa kitageuka samawati. Sogeza alama za ukanda wa rangi ulio chini ya dirisha, taratibu, hadi paji la uso lirudi katika hali yake na pua na mashavu yabaki yamegeuka. Midomo nayo itabaki imegeuka, usihangaike nayo kwa sasa. Rudisha Hue kwenye 0, halafu uipandishe hadi +10, ushushe Saturation hadi -10 na upandishe Lightness hadi +5. Sikuifikisha Hue kwenye 14 kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyetoka kukimbia ana haki ya kubaki na damu usoni.

Sasa bofya maski ya tabaka hilo, bonyeza Ctrl+I ili iwe nyeusi, na upake kwa brashi nyeupe laini yenye Flow ya 15 juu ya pua na mashavu peke yake, ukiikwepa midomo na masikio. Ukiona kingo za matundu ya pua zinaingia ukijani, umepitiliza. Shusha Opacity ya tabaka hadi 70. Mara nyingine mpe mkimbiaji nafasi ya kupumzika kivulini hadi uso utulie, ndipo uinue kamera.

Si ningepunguza tu Saturation ya Reds kwenye picha nzima?

Hapana. Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara picha inayoambatana nalo ina midomo ya maiti na leso nyekundu iliyogeuka kijivu.

Binamu yangu ametuma picha ya harusi aliyopigwa kwenye theluji Kanada. Pua yake ni kama zambarau. Njia ni ile ile?

Ni ile ile, ila anza na White Balance. Kivuli kwenye theluji hupokea mwanga wa anga, nao huipa picha nzima ubuluu. Ukiitibu pua kabla ya kuuondoa ubuluu huo, utalazimika kuitibu tena. Baada ya hapo pima. Wekundu wa baridi mara nyingi huegemea zambarau, na H yaweza kusomeka 350, yaani digrii 30 nyuma ya ile 20 ya ngozi iliyotulia. Panua ukanda wa Reds upande wa zambarau ili uukamate wekundu huo, na usisogeze digrii zote kwa mkupuo mmoja: tumia matabaka mawili ya +12, la pili likipakwa kwenye ncha ya pua tu, ambako baridi imeuma zaidi. Macho mekundu yenye machozi yaguse kidogo sana.

Mimi nina simu tu. Yawezekana?

Yawezekana kwa Lightroom: tengeneza maski ya brashi juu ya pua, kisha sogeza Hue upande wa manjano kidogo kidogo.

Nilimpiga bibi harusi jahazini Lamu, mweusi wa rangi, na pua yake inaonekana vibaya baada ya kupanda ngazi za gati. Nipunguze wekundu?

Nimeitazama picha yako, na hakuna wekundu wa kupunguza. Kwenye ngozi nyeusi damu iliyopanda huonekana kwa uchache, kama giza la hudhurungi. Unachokiona wewe ni jasho linaloakisi jua. Ukihamisha Reds hapo utageuza ngozi yake yote, kwa kuwa rangi yake ya asili imo katika ukanda huo huo. Punguza mng'ao kwa Highlights ndani ya maski ndogo ya pua. Lightness usiiguse kabisa: nimeona maharusi wengi wa Kiswahili waliochubuliwa kwenye kompyuta bila kuombwa, na mama zao wakashindwa kuwatambua kwenye albamu.

Mteja anasema uso wake ni mwekundu siku zote. Niuondoe?

Mwulize yeye, na ufanye atakavyosema.