P2: usisubiri siku ya tatu

Jumapili saa mbili asubuhi mdogo wangu alinipigia kutoka hosteli, Arusha. Kondomu ilikuwa imepasuka saa nne usiku wa kuamkia siku hiyo, tarehe 7. "Dada, si nina siku tatu? Nitaenda Jumanne nikitoka mtihani." Nikamwambia avae viatu aende duka la dawa sasa hivi, halafu tutaongea.

P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, haitoi mimba. Inachelewesha yai kutoka, basi. Yai likishatoka, kidonge hakina la kufanya, ndiyo maana kila saa unayosubiri inakupunguzia nafasi. Saa 72 ni ukingo. Hata ndani ya siku tano inaweza kusaidia, ila kwa nguvu ndogo. Wakiimeza kwa wakati wanawake 100, mmoja au wawili bado hupata mimba. Lupu ya shaba, ikiwekwa kituo cha afya ndani ya siku hizo tano, inazuia vizuri zaidi. Na kama unatumia dawa za TB au kifafa, mwambie muuguzi kabla ya kumeza, maana baadhi yake hudhoofisha P2.

Nilipokuwa na umri wake, Moshi, nilipita maduka matatu karibu na Mbuyuni bila kuingia kwa sababu wauzaji wanamjua mama. Niliingia siku ya tatu. Nikameza kimoja, cha pili baada ya saa 12. Siku hizi vyote viwili, vya miligramu 0.75, humezwa kwa pamoja. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita tangu umeze, rudia dozi. Kichefuchefu, kichwa kuuma na maziwa kujaa huisha vyenyewe siku chache.

Kilichoniponza kilikuja baadaye. Siku ya tano niliona damu kidogo, rangi ya kahawia, haikujaza hata pedi moja. Nikajua ndiyo hedhi, nikafurahi, na wiki hiyohiyo tukalala bila kondomu. Ile haikuwa hedhi. Yai lilikuwa limecheleweshwa tu, likatoka baadaye, na P2 hailindi tendo linalofuata. Kipimo cha wiki ya tatu hakikuonyesha kitu. Cha mwezi uliofuata kilikuwa na mistari miwili. Mwanangu sasa ana miaka tisa, nampenda, lakini chuo niliacha.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu achane kipande cha boksi la dawa, aandike saa aliyomeza, neno "kondomu" mpaka hedhi ya kweli ije, na "28", siku ya kupima mkojo, wiki tatu kamili, hata akiona damu. Chini yake aandike: tumbo la chini likiuma sana upande mmoja, hospitali siku hiyohiyo, maana mimba inaweza kutunga nje ya kizazi.

Saa tatu na dakika kumi alinitumia picha ya kipande hicho. Vidonge vyote viwili alikuwa ameshameza, na 28 ameizungushia duara mara mbili.