Kumtoa mzungumzaji kwenye kitambaa cha kijani bila kula shati lake

Waongoza watalii wa Arusha na Moshi wengi huvaa kaki au kijani cha zeituni, ndizo rangi za porini. Mtu aliyevaa hivyo akisimama mbele ya kitambaa cha kijani, akajirekodi kwa simu, kisha akaleta klipu awekewe Mlima Kilimanjaro nyuma yake, kuna mtego: programu inapofuta kitambaa hufuta na shati. Kifua kinatoboka, na theluji ya Kibo inaonekana mfukoni. Nimehariri klipu kadhaa za namna hii hapa Moshi, na leo naeleza moja kwa kirefu, kwa sababu ukiiweza hiyo, ya mwenye shati jeupe au koti la bluu haitakusumbua.

Natumia ffmpeg, programu ya kuhariri video kwa amri za kuandika. Ni ya bure, inaenda hata kwenye kompyuta ya zamani, na inakutaka uandike namba, kwa hiyo unajua umefanya nini. Anayetumia DaVinci Resolve au CapCut atakutana na mambo haya haya kwenye vitelezi vyake.

Kwanza kabisa, dai faili halisi. Simu haihifadhi rangi kwa kila pikseli. Klipu ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina mwanga kamili, lakini rangi yake imehifadhiwa kwa 960 kwa 540 tu, yaani pikseli nne zinagawana rangi moja. Ukitazama video huoni kasoro yoyote. Sisi lakini tunakata kwa kufuata rangi, kwa hiyo ukingo wa bega na wa nywele tunaukata kwa ramani ambayo tayari ni pungufu. Klipu ikipita WhatsApp kama video inabanwa tena, na ukingo unakuwa ngazi ngazi ambazo hakuna namba itakayozilainisha. Nilimwandikia kaka mwenye klipu hii, mwongoza watalii mwenye shati la zeituni: "Usiitume kama video, itume kama dokumenti." Akaona bando litaisha, akaniletea kwenye flashi. Bora zaidi.

Hatua inayofuata ni kuijua rangi ya kitambaa chake, maana hakuna vitambaa viwili vyenye kijani kimoja. Toa fremu moja:

```
ffmpeg -ss 00:00:20 -i kaka.mp4 -frames:v 1 fremu.png
```

Nikaifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na kuchukua rangi karibu na mwili wake, si pembeni mwa picha, kwa sababu ukingo utakaoonekana na watu ni ule unaomzunguka. Weka chombo cha kuchukua rangi kisome wastani wa eneo dogo, usisome pikseli moja. Penye mwanga nilipata rangi yenye msimbo 3E9B4F. Nyuma ya bega lake, kitambaa kilipokunjamana na kuingia kivuli, nilipata 143219. Ziandike zote mbili kwenye karatasi, tutazihitaji.

Sasa tuingie kwenye kiini. Kichujio cha `chromakey` hakitazami ung'avu. Kinatazama vipimo viwili vya rangi na kuuliza: pikseli hii iko umbali gani kutoka rangi niliyotajiwa? Baada ya rangi unakipa namba mbili. Kila kilicho ndani ya namba ya kwanza kinafutwa kabisa. Namba ya pili ni ukanda unaoongezwa juu ya ile ya kwanza, na kilichomo humo kinakuwa nusu wazi, kadiri kinavyokaribia mwisho wa ukanda ndivyo kinavyobaki. Kwa hiyo jumla ya namba hizo mbili ndiyo mpaka, na shati linapaswa kuwa nje ya mpaka huo. Ukielewa hili umeacha kubahatisha.

Masomo mengi mtandaoni yanaandika 0x00FF00, kijani safi kabisa. Kitambaa cha dukani hakijawahi kuwa na kijani hicho. Kwa klipu hii, ukianzia kijani safi, kile kivuli cha nyuma ya bega kiko umbali wa karibu 0.30 na shati la zeituni liko karibu 0.31. Pengo ni kama halipo: ukifuta kivuli umefuta shati. Ukianzia rangi halisi ya kitambaa, 3E9B4F, kivuli kinakuwa karibu 0.08 na shati karibu 0.10. Pengo limefunguka kidogo, bado ni jembamba.

Kuona kinachotokea, usitazame picha ya rangi. Tazama ramani ya uwazi, ambamo cheusi ni kilichofutwa na cheupe ni kilichobaki. Jaribu sekunde 10 tu, na uchague sehemu anapopunga mikono:

```
ffmpeg -ss 00:01:05 -i kaka.mp4 -t 10 -an -vf "chromakey=0x3E9B4F:0.06:0.03,alphaextract,format=yuv420p" ramani.mp4
```

Nilichokiona kilikuwa wazi. Mwili ulikuwa mweupe mzima, lakini nyuma ya bega palibaki wingu la kijivu. Hicho ni kivuli kilichoangukia ndani ya ukanda, kikawa nusu wazi. Nilipopandisha namba ya kwanza hadi 0.08 wingu likatoweka, ila kijivu kikaanza kutambaa kwenye mfuko wa shati. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kuomba klipu irudiwe. Kabla ya kufika huko, sogeza rangi yenyewe. Mpaka ni duara, na sisi tulikuwa tumeweka kitovu chake kwenye sehemu ang'avu ya kitambaa, hivyo nusu ya duara ilikuwa inafuta kitu ambacho hakipo. Nikachukua rangi iliyo kati, iliyoelekea kivulini kidogo, 348343. Kutoka hapo kitambaa chenye mwanga kiko karibu 0.02, kivuli kiko karibu 0.06, na shati liko nje kidogo ya 0.085. Nikaandika 0.06 na 0.02, jumla 0.08. Kivuli kikaondoka na shati likabaki zima.

Jipime kwa kanuni hii ya macho: kijivu kikiwa kwenye kitambaa, kitovu au namba ya kwanza haijatosha, kijivu kikiwa mwilini, jumla imezidi. Vikitokea vyote viwili na kitovu umeshakisogeza, basi shati na kitambaa vimekaribiana mno. Hapo mwambie mteja ukweli, abadili shati arekodi upya.

Pembeni mwa fremu yake palionekana ukuta na nguzo ya kuning'inizia kitambaa. Usihangaike kuvifuta kwa rangi. Vikate tu kwa `crop`, ukihakikisha mkono hauvuki mstari huo mahali popote kwenye klipu.

Bado kuna kijani kilichomrukia. Kitambaa kikipigwa na mwanga kinarudisha kijani shavuni, shingoni na kwenye ukingo wa nywele. `despill` huondoa kijani kilichozidi, na namba yake ya `mix` ndiyo inayoamua kimezidi nini. Ikiwa 0.5, kijani kinalinganishwa na wastani wa nyekundu na bluu. Shati la zeituni lina bluu kidogo, kwa hiyo kwa hesabu hiyo lenyewe linaonekana limezidi kijani, na linageuka kuwa la hudhurungi iliyofifia. Kaka huyu asingekubali, hiyo ni sare yake ya kazi. Nikaweka 0.9, ili ulinganisho uwe karibu wote na nyekundu. Ngozi yetu ina nyekundu kuliko kijani, kwa hiyo haiguswi isipokuwa pale palipochafuka kweli, na shati likabaki na rangi yake.

Kuhusu mlima wenyewe nina la kusema kwa mkazo. Dirisha la chumba alichorekodia lilikuwa upande wa kushoto wa fremu, shavu la upande huo ndilo lenye mwanga. Picha aliyoniletea ilipigwa asubuhi kutoka Moshi mjini. Ukiwa Moshi unautazama mlima ukielekea kaskazini, basi jua la asubuhi linatoka kulia kwako. Mlima umewaka kulia, mtu amewaka kushoto. Mtazamaji hatajua kwa nini, lakini atahisi mtu amebandikwa. Njia ya mkato ni kugeuza picha kama kwenye kioo. Tafadhali usifanye hivyo. Kutoka Moshi, Kibo iko kushoto na Mawenzi iko kulia. Ukigeuza, Mawenzi inahamia kushoto, na kila aliyekulia Kibosho, Marangu au Machame ataona kosa hilo kabla mzungumzaji hajamaliza salamu. Ukimgeuza mtu badala ya mlima, maandishi ya kifuani yanasomeka kinyume. Nilimwomba picha ya jioni, mawingu yanapofunguka na jua liko magharibi, upande wa kushoto. Akawa nayo kwenye simu.

Picha hiyo niliikata kwanza iwe na umbo la 16 kwa 9, nikaifanyia ukungu kidogo sana. Ukungu mwingi unaua mlima, na mlima ndio aliotaka uonekane. Nilihakikisha pia mstari wa miti ya chini unapita karibu na usawa wa macho yake, kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa usawa huo. Miti ikikaa kiunoni mwake, anaonekana jitu.

Amri kamili ikawa hii, iandike kwenye mstari mmoja:

```
ffmpeg -i kaka.mp4 -framerate 30 -loop 1 -i mlima.jpg -filter_complex "[1:v]scale=1920:1080,gblur=sigma=3[nyuma];[0:v]crop=1000:1080:460:0,chromakey=0x348343:0.06:0.02,despill=type=green:mix=0.9[mtu];[nyuma][mtu]overlay=460:0:shortest=1,format=yuv420p[v]" -map "[v]" -map 0:a -c:a copy -crf 18 tayari.mp4
```

Namba 460 inatokea mara mbili kwa sababu tulikata kuanzia hapo na tunamrudisha hapo hapo. Ukitaka asimame pembeni ili Kibo isifunikwe na kichwa, badilisha ile ya `overlay` peke yake. Usiache `-framerate 30` kama klipu ni ya fremu 30. Usipoiandika, picha ya mlima inahesabiwa kwa fremu 25, video nzima inafuata hesabu hiyo, na midomo inaonekana ikirukaruka ingawa sauti ni safi. `shortest=1` nayo isisahaulike, picha inajirudia bila mwisho na faili halitafungwa.

Kitu kimoja hakikukubali: alipopunga mkono kwa kasi akionyesha njia ya Machame, vidole vilichanganyika na kijani tangu kwenye kamera, na ukingo wa vidole ukabaki na utando mweusi kwa fremu chache. Namba zote nilizojaribu ziliuondoa utando pamoja na ncha za vidole. Nikauacha. Kwenye simu hauonekani. Kama angetaka kuionyesha kwenye skrini kubwa ya ukumbini, kipande hicho kingerudiwa chumba kikiwa na mwanga mwingi zaidi, ili simu ipige kila fremu kwa haraka.