Shati la mawese

Swali la wiki: "Ndugu yako mdogo amehitimu chuo. Ungemwandikia ujumbe gani wa pongezi?"

Naanza na zile ambazo singeandika, kwa sababu mtoto wa shangazi yangu amehitimu juzi na nimezisoma zote zilizomiminika kwenye kundi la ukoo. "Hongera, sasa tunasubiri harusi." "Hongera, ukipata kazi usitusahau." Kijana hajavaa joho, keshadaiwa! Iliniuma.

Nikakaa kibarazani kwetu Mwanga, Kigoma, na simu mkononi, nimeazimia kuandika mistari miwili bila utani hata chembe. Kwetu binamu ni mtani, na huyu nimemtania tangu anatambaa, lakini shahada niliona ipewe heshima yake. Nikaandika: "Hongera sana kwa kuhitimu. Mungu akufungulie milango." Nikausoma tena. Ungeweza kwenda kwa yeyote aliyehitimu mwaka huu, hata nisiyemjua. Nikaufuta.

Kilichonijia ni dumu la mawese.

Mwaka anaanza chuo tulipanda wote treni hapa Kigoma kwenda Dar es Salaam. Shangazi alimfungia dagaa, na dumu la lita tano la mawese ampelekee baba yangu mdogo, ambaye kwake ni mjomba, aliyekuwa anampokea. Asubuhi ile kulikuwa na ubaridi, mawese yameganda mazito kama uji, na shangazi kwa upendo wake akayajaza mpaka shingoni mwa dumu. Aliyewahi kusafiri na mawese anajua shida ilipo: yakipata joto huyeyuka na kutanuka, na yasipoachiwa nafasi husukuma kifuniko. Usiku hatukuona kitu. Tukapita Uvinza, tukapita Kaliua, Tabora tukanunua asali. Siku ya pili, jua limekaza tunaelekea Manyoni, tone la kwanza likamdondokea begani. Dumu lilikuwa juu penye mizigo, na yeye chini yake amelala, amevaa shati jeupe alilonunuliwa kwa ajili ya kuripoti chuoni. Tunashtuka, doa limeshuka mgongo mzima, refu na jembamba, Ziwa Tanganyika kamili.

Akataka kukimbilia maji. Mama mmoja tuliyekaa naye akamshika mkono: ukianza na maji unalitawanya. Akatoa unga wake wa muhogo, akaumwaga juu ya doa, tukauacha unyonye mafuta, tukaukung'uta na kurudia. Kisha akasugua sabuni ya mche kwenye kitambaa kikavu, ndipo maji yakafuata. Mafuta yalitoka, lakini ile rangi ya chungwa ikabaki. Yule mama akasema hiyo mwachieni jua, anike akifika, itafifia yenyewe. Ni kweli hufifia, ila huchukua siku, na binamu alikuwa anaripoti kesho yake.

Akaripoti nalo hivyo hivyo. Kwenye foleni ya usajili kijana mmoja wa Kasulu akaliona doa, akamwuliza, "Wewe ni wa nyumbani, siyo?" Wamekaa chumba kimoja miaka yote mitatu, na wamehitimu pamoja.

Basi niliandika hivi:

"Binamu, hongera. Ulifika chuoni mawese yakakutambulisha kabla hujataja jina. Nasikia joho ni jeusi, kwa hiyo safari hii hata dumu likimwagika hakuna atakayejua. Nilikuona kwenye treni ukilisugua lile shati bila neno moja la kumlaumu mama yako. Tangu siku ile sikuwa na wasiwasi na wewe."

Nilianza nikisema hakuna utani, na utani ndio uliobeba ujumbe wote. Sijui hata kwa nini niliona heshima na utani haviwezi kukaa pamoja. Lakini nauwekea mipaka. Niliutuma kwake peke yake, siyo kundini. Nilichagua mkasa ambao yeye mwenyewe huusimulia akicheka. Kuna jambo lingine la mwaka wake wa pili, gumu, ambalo sikuligusa wala hapa silitaji, maana mwenyewe hajawahi kulicheka. Kama ndugu yako si mtani wako, au amemaliza chuo na vidonda unavyovijua nusu nusu, ile mistari miwili niliyoifuta inatosha. Na nikiri kwamba kundini niliituma hiyo hiyo, neno kwa neno, kwa sababu pale kuna wazee na kuna wakwe, na pale ilikuwa mahali pake.

Jibu lake lilikuja usiku: "Mama anakuja mahafalini na dumu. Nimemwambia aache vidole vitatu juu."