Suti ya sufu na vumbi la Arusha

"Wakuu, nina suti ya sufu ya kazini. Vumbi la hapa Arusha limenishinda, naipeleka drai klina kila Jumamosi. Sasa imeanza kung'aa makalioni. Nifanyeje?"

Mkuu, kila wiki ni nyingi mno. Dawa zao hukausha sufu, na pasi nzito hulaza nyuzi. Huo mng'ao kwa sehemu unatokea hapo. Kila baada ya miezi mitatu minne inatosha, labda ipate doa la mafuta. Peleka koti na suruali pamoja, zisije zikapishana rangi.

Kazi kubwa ni brashi, ya manyoya siyo ya plastiki. Jioni toa simu na funguo mifukoni, acha jasho likauke, kisha piga brashi ndefu ndefu kutoka begani kushuka chini. Inua kola na vifuniko vya mifuko. Vumbi la bodaboda hujificha humo na kusaga nyuzi kama msasa.

Tundika kwenye hanga ya mbao yenye mabega mapana. Ya waya ya drai klina itupe, inaacha vinundu begani. Mikunjo ikibaki, itundike bafuni penye mvuke wa maji moto, nusu saa hivi, halafu ikauke usiku kucha. Na usiivae siku mbili mfululizo.