Kabla Hujafuta Nodi Yenye Watoto Wawili, Tazama Nyuma ya Mrithi Wake

Nimetoka kusahihisha rundo la michoro ya mti wa utafutaji wa binari, na kosa ni lile lile la kila mwaka. Kuingiza mnaweza. Kufuta jani mnaweza. Ila swali likisema "futa mzizi", nodi mbili tatu zinapotea njiani na mwenye karatasi hana habari. Wadogo zangu, inaniuma kukata alama hizo, kwa sababu kosa lenyewe linaonekana kwa macho ukijua pa kuangalia.

Tutumie funguo hizi, kwa mpangilio huu huu: 50, 30, 80, 20, 40, 60, 90, 70, 65.

1. Chora mti upya kila unapoingiza ufunguo. Najua inachosha. Fanya hivyo hivyo. 50 ndiyo mzizi. 30 ni ndogo, inakwenda kushoto. 80 inakwenda kulia. 20 na 40 zinakaa chini ya 30, na 60 na 90 chini ya 80. Ikifika zamu ya 70, anza nayo juu kabisa: ni kubwa kuliko 50, kulia, ni ndogo kuliko 80, kushoto, ni kubwa kuliko 60, kulia, na hapo pako wazi, basi inakaa. 65 inapita njia ile ile mpaka ikutane na 70, kisha inashuka kushoto kwake.

```
        50
       /  \
     30    80
    /  \   / \
  20   40 60  90
            \
             70
            /
          65
```

Nodi mpya huingia kama jani, siku zote. Kwa hiyo ukiweka mchoro wa sasa kando ya ule uliotangulia, kilichoongezeka ni duara moja na mstari mmoja, basi. Mstari wa zamani ukiwa umehama, kosa limefanyika katika hatua hiyo hiyo na huna haja ya kurudi mwanzo kulitafuta. Kuna mmoja wenu alichora mti mmoja tu na kuuongezea juu kwa juu. Alipofika 65 akaipachika kushoto kwa 60, kwa kuwa ndipo palipobaki nafasi kwenye karatasi. Angekuwa na mchoro wa kila hatua, angeona kwamba 65 haikupitishwa kwenye ulinganisho na 60 hata kidogo.

2. Mstari wa mtoto uwe wa mshazari, hata mtoto akiwa peke yake. Mstari wa wima hausemi kama ni kushoto au kulia, na msahihishaji hapaswi kukisia.

3. Sasa futa 50. Hapa tukae.

Jani likifutwa, linakatwa tu. Nodi yenye mtoto mmoja ikifutwa, mtoto huyo anapanda na kila kilicho chini yake. 50 ina watoto wawili, na wengi mkono unawakimbilia kupandisha 80, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Jaribu uone: 80 tayari ina 60 kushoto na 90 kulia, na sasa 30 nayo inadai nafasi ya kushoto. Nodi moja, watoto watatu. Nimeona hata mchoro ambao mistari hiyo mitatu imechorwa bila wasiwasi wowote.

Anayefaa kushika nafasi ya 50 ni mrithi wake, yaani ufunguo mdogo kuliko wote walio upande wake wa kulia. Shuka hadi 80, kisha nenda kushoto, kushoto, mpaka kushoto kuishe. Unafika 60. Hapa wengi mko sawa kabisa. Mnaandika 60 kwenye mzizi, mnarudi chini kufuta 60 ya zamani, na papo hapo 70 na 65 zinaondoka nayo.

Kosa hili nalielewa linakotoka. Mifano mingi ya kufundishia huchagua mti ambao mrithi ni jani, kwa hiyo mnajizoesha kumkata kama jani. Lakini sheria inasema tu kwamba mrithi hana mtoto wa kushoto. Angekuwa naye, huyo wa kushoto angekuwa mdogo zaidi na ndiye angekuwa mrithi. Kuhusu mtoto wa kulia, sheria haikuahidi chochote. 60 ina 70 upande wa kulia. Kumwondoa 60 pale chini ni kufuta nodi yenye mtoto mmoja, hatua mliyokwisha kuijua: 70 inapanda na kuwa mtoto wa kushoto wa 80, na 65 inabaki chini yake kama ilivyokuwa.

```
        60
       /  \
     30    80
    /  \   / \
  20   40 70  90
          /
        65
```

Utajuaje kama umepatia? Hesabu kwanza. Nodi zilikuwa 9, umefuta moja, lazima zibaki 8. Aliyepoteza 70 na 65 atapata 6. Kisha usome mti kwa mpangilio, kushoto kwanza, nodi yenyewe, halafu kulia: 20, 30, 40, 60, 65, 70, 80, 90. Namba ikirudi nyuma popote, mti umevunjika.

Lakini kipimo hicho kina mpaka wake, na juzi tumebishana na binti mmoja kwa sababu hiyo. Aliona 70 na 65 zimebaki bila mzazi, akaziingiza upya moja moja, akianza na 65. Akapata 65 chini ya 80, na 70 kulia kwa 65. Nodi zake ni 8, usomaji wake umepangika, akasisitiza kwamba yuko sahihi. Mti wake ni halali kweli, ila si mti unaotokana na kufuta 50. Tawi linalopanda hupanda zima, mistari yake ya ndani haiguswi. Hapo tena, weka michoro miwili kando kwa kando: mstari wa 70 na 65 ulikuwa unaelekea kushoto, na baada ya kufuta lazima uelekee kushoto vile vile.

4. Soma swali linataka mrithi au mtangulizi. Ukitumia mtangulizi, mkubwa kuliko wote wa kushoto, 40 ndiyo inayopanda na upande wote wa kulia unabaki kama ulivyo. Majibu yote mawili ni halali, lakini maumbo si mamoja: kwa mrithi, njia ndefu kutoka mzizi ina mistari 3, kwa mtangulizi inabaki na mistari 4 kama mwanzo. Swali lisipotaja, andika kando ya mchoro umechagua yupi.

5. Kufuta hakutenguliwi kwa kuingiza tena. Irudishe 50 kwenye mti wetu wa pili. Ni ndogo kuliko 60, kubwa kuliko 30, kubwa kuliko 40, inaishia kulia kwa 40, jani kabisa. Mzizi unabaki 60. Njia hii ya kufuta kwa mrithi ilichapishwa na Thomas Hibbard mwaka 1962, na baadaye ikabainika kwamba kuingiza na kufuta bila mpango mara nyingi sana, ukichukua mrithi kila mara, huufanya mti uelemee upande mmoja, kwa kuwa kila nodi ya watoto wawili inayofutwa inachota kutoka kulia. Kwenye mti wa nodi 9 hamtauona mwelemeo huo. Chukueni huu wa 8 mliobaki nao, futeni 60, kisha kila mzizi mpya unaojitokeza, mkichora kila hatua, na muangalie upande wa kulia unavyopungua huku 30, 20 na 40 hazijaguswa.