Hatua tatu zinaanza kuhesabiwa wapi?

Goli zuri kuliko yote ya siku ile lilikataliwa. Kijana wangu wa mpira wa mikono alipokea pasi akiwa kwenye kasi, akachapa hatua, akaruka, akatupa juu kulia, nyavu zikatikisika. Refa akapiga filimbi na kuwapa wapinzani mpira. "Kocha, nimepiga tatu tu!" Mimi nami, pale pembeni, nilikuwa nimehesabu tatu. Refa alihesabu nne, na alikuwa sahihi. Nawaandikia ninyi mnaoanza, hasa mnaotoka kwenye kikapu au netiboli, kwa sababu kosa hilo linawasubiri na nyinyi.

Kila mtu anajua kwamba ukiwa na mpira mkononi unaruhusiwa hatua tatu. Tatizo liko kwenye ile ya kwanza. Kanuni inasema hivi: ukidaka mpira ukiwa hewani kabisa, miguu yote miwili haijagusa chini, basi mguu utakaotua nao hauhesabiwi. Ukitua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, hiyo nayo haihesabiwi. Sisi kutua huko tunakuita sifuri. Lakini ukidaka mpira mguu mmoja ukiwa bado umekanyaga ardhi, mguu unaofuata kugusa chini ni hatua ya kwanza. Hapo hakuna sifuri.

Kijana wangu alidaka huku mguu wa kushoto ukiwa bado chini. Kulia ikawa moja, kushoto mbili, kulia tatu, kushoto nne, akaruka. Yeye aliamini alidaka akiwa hewani, kwa hiyo ule mguu wa kulia wa mwanzo akaufanya sifuri. Tofauti ni ya kupepesa jicho, na anayekimbia hawezi kuihisi kirahisi.

Jumamosi iliyofuata nikawapeleka ufukweni Luchelele, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria. Karibu na maji kuna mchanga mbichi ambao nyayo zinabaki, na hicho ndicho nilichokitaka. (Majini sikuwaruhusu kuingia, kichocho cha ziwa hili tunakijua.) Mmoja anatoa pasi, mmoja anakimbia na kudaka, wa tatu anachuchumaa pembeni akiangalia miguu tu, asiutazame mpira. Mpira unapofika mikononi, anachomeka kijiti kwenye unyayo uliokuwa chini wakati ule. Kama hakukuwa na mguu chini, anachora duara kwenye unyayo wa kwanza wa kutua. Kisha wote wanarudi kusoma: baada ya kijiti au duara, nyayo ni ngapi hadi pale aliporuka?

Yule kijana alirudia mara sita. Mara nne kijiti kilisimama kwenye unyayo wa kushoto, na mara zote nne nyayo zilizofuata zilikuwa nne. Hakubishana tena.

Dawa yake haikuwa kupunguza mwendo. Anatupa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo mguu wake wa kuruka ni wa kushoto, na hatua zake za mwisho zinatakiwa ziwe kushoto, kulia, kushoto. Ili zitoshe, adake mguu wa kulia ukiwa chini, au adake hewani na kutua kwa kulia. Nikamfundisha kuruka kidogo mbele, kama anayevuka mtaro, pasi inapomkaribia. Na siku pasi ikimkuta kwenye mguu wa kushoto, aruke kwenye hatua ya pili: kulia, kushoto, juu. Tatu ni kikomo, hulazimiki kuzimaliza. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze yote haya.

Kudunda hatukufundishia ufukweni, maana mchanga mbichi unaumeza mpira. Tulirudi kwenye uwanja wetu wa udongo. Mpangilio ni huu: unaweza kwenda hatua tatu mpira ukiwa mkononi, ukaudunda kwa mkono mmoja mara moja au mara nyingi, ukaukamata, kisha ukapata hatua tatu nyingine. Wakati unadunda hatua hazihesabiwi. Ila ukishaukamata, kudunda kumekwisha: pasi au goli, ndani ya sekunde tatu. Sekunde hizo zinakuhusu hata ukisimama tuli. Ukidunda tena ni kosa, mpaka mpira uguse mchezaji mwingine au goli ndipo unaanza upya.

Waliotoka kwenye kikapu nawatambua dakika ya kwanza. Wakipata mpira tu wanauangushia chini kabla hawajaangalia mbele. Wameshatumia kile kibali pekee, na wakibanwa hawana pa kwenda. Wa kwangu huwaambia watumie zile hatua tatu kwanza, macho juu, na kudunda waweke akiba. Kwenye viwanja vyetu vyenye vijiwe kuna sababu nyingine: mpira ukigonga kijiwe unaruka pembeni, na ukikugusa chini ya goti, hilo nalo ni kosa.

Linabaki eneo la goli. Kwanza lichore sawasawa, kwa sababu shule nyingi huchora nusu duara kutoka katikati ya goli, na hiyo si sahihi. Goli lina upana wa mita 3. Chukua kamba ya mita 6, ishikize kwenye kona ya ndani, upande wa nyuma, ya nguzo moja, uchore robo duara kutoka mstari wa goli hadi mbele ya nguzo hiyo. Fanya hivyo kwa nguzo ya pili. Kisha unganisha robo hizo kwa mstari ulionyooka wa mita 3, sambamba na goli. Sisi tunatumia chokaa, ikikosekana majivu.

Ndani humo anaruhusiwa golikipa peke yake, na mstari wenyewe ni sehemu ya eneo. Ncha ya kiatu ikiugusa, umeingia. Mshambuliaji akiingia na mpira, golikipa ndiye anayeanzisha. Beki akiingia kumzuia mtu aliyekuwa na nafasi ya wazi ya kufunga, ni adhabu ya mita 7.

Lakini hewa ya juu ya eneo ni ya wote. Ndiyo maana unaona wachezaji wanaruka ndani kama wanapiga mbizi: mguu wa kuruka umeacha ardhi nje ya mstari, na mpira umetoka mkononi kabla hawajatua. Kule Luchelele tulichora mstari kwa fimbo, na mchanga ukasema ukweli. Wengi nyayo zao za kurukia zilikuwa zimeukata mstari kwa vidole, kwa sababu walikuwa wanautafuta kwa macho na kurefusha hatua ya mwisho. Tulipowarudisha waanze kukimbia nusu mita nyuma zaidi, vidole vilitoka.

Mpira wenyewe unafuata mantiki hiyohiyo. Ukiwa hewani juu ya eneo, unaweza kuudaka ukiwa umerukia nje. Ukishatulia au unabingirika chini humo ndani, ni wa golikipa. Binti mmoja aliyezoea soka alijinyoosha kutoka nje ya mstari, miguu yote salama, akauvuta kwa mkono mpira uliokuwa unabingirika. Alidhani amekuwa mjanja. Filimbi ililia, akanitazama, nami nikamwonyesha golikipa aliyekuwa ameshauinamia.